Makaratasi ya Vyerehani Yaliyotufuata Kambini

Mume wangu alikuwa mtu wa kufunga makaratasi kwa utepe. Kila shehena ya vyerehani iliyoingia kutoka Ndola, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa na kifurushi chake, na kila kifurushi kilifungwa kwa utepe ule mweupe ambao mafundi wa nguo hutumia kupindia sketi. Kabla ya kufanya biashara yake mwenyewe alikuwa karani wa Mzungu mmoja aliyeagiza vipuri vya magari, na huko ndiko alikojifunza kwamba mali ikipita mpakani, karatasi yake haijapita bado. Mimi nilimcheka. Nilimwambia kwamba katika nyumba yetu karatasi zinalala pazuri kuliko watu.

Tulikuwa na duka upande wa Naviundu, na nyuma ya duka ghala la matofali lenye paa la bati. Sote wawili ni watu wa Kasai, lakini watoto wetu walizaliwa hapa Lubumbashi, mji ambao kwenye barua wakati huo uliandikwa Elisabethville. Tuliuza vichwa vya cherehani kutoka nje, na miguu yake ya chuma tulitengenezewa na fundi wa hapa hapa. Wateja wetu walikuwa mafundi wanaoshona barazani, na wanawake wa mtaa wa Makomeno ambao waume zao walikuwa na kazi ya mshahara. Biashara haikuwa kubwa, ila ilikuwa yetu.

Katanga ilipojitenga na Kongo, ofisi ya duane, yaani forodha, ilibaki palepale. Bendera ilibadilika, mihuri ikabadilika, lakini meza na makabati yalikuwa yale yale, na ndani ya makabati yalikuwemo matamko ya mali tuliyoingiza miaka iliyopita. Hilo hatukulifikiria. Tulifikiria kwamba shehena iliyokwisha kulipiwa ushuru na kutolewa, imekwisha.

Mkaguzi alikuja asubuhi, akiwa na karani mmoja. Alikuwa mtu wa familia ya hapa, ya wale waliokuwa wakilima kando ya mto kabla mgodi haujafunguliwa. Nilimfahamu kwa sura, kwa sababu tulikuwa tukisali misa moja. Alivua kofia, akanisalimia, akatoa barua.

"Baba," alimwambia mume wangu, "tunakuya kuangalia mali ile mulishaka kuingiza. Ile ya miaka ilipita."

"Ile tulishaka kulipa, Bwana. Balituachilia."

"Kuachilia haiko kumaliza. Duane iko na haki ya kurudia nyuma, miaka kadhaa. Ni juu ya ile sheria inasema muchunge makaratasi."

Mume wangu hakubishana. Alienda chumbani akarudi na vifurushi, akavipanga mezani mwaka kwa mwaka. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na ankara ya muuzaji, nakala ya tamko yenye muhuri, karatasi ya msafirishaji, stakabadhi ya ushuru, karatasi ya benki ya kutuma malipo, na barua zote alizoandikiana na muuzaji. Kando aliweka daftari la ghala, ambamo kila cherehani kiliandikwa kwa namba yake ile iliyochongwa kwenye chuma, siku kilipoingia na jina la aliyekinunua.

Mkaguzi alisoma kwa muda mrefu. Karani wake alinakili. Nilimpelekea chai, akashukuru lakini hakuinywa. Mwishowe aliinua karatasi moja ya benki.

"Hapa munatuma feza mingi kuliko ile munaandika kwa duane. Mali ingine iko wapi?"

Hapo nilielewa alichokuja kutafuta. Mtu akitaka kudanganya ushuru, huandika bei ndogo kwenye tamko na kumlipa muuzaji bei ya kweli kupitia benki. Kwa hiyo mkaguzi anayejua kazi yake huweka karatasi ya benki kando ya tamko na kuona kama zinalingana. Zetu hazikulingana.

Mume wangu alieleza. Malipo yale yalikuwa ya shehena mbili kwa pamoja. Moja ilifika. Ya pili ilifika Mokambo, upande wa pili wa mpaka, katika zile wiki za vurugu baada ya uhuru, na dereva wa lori akaogopa kuvuka. Akageuza, akairudisha Ndola. Haikuingia, kwa hiyo haikuwa na tamko.

"Inawezekana," alisema mkaguzi. "Inawezekana pia iliingia kwa pori. Mi siyui. Munionyeshe."

"Barua iko. Sijui iko mu kifurushi gani, juu ile shehena haikukuwa na kifurushi."

Huo ndio ulikuwa upungufu wa mpango wake mzuri. Kilichoingia kilikuwa na utepe. Kisichoingia kiliwekwa popote.

Mkaguzi alimpa muda wa kuitafuta. Lakini kabla ya kuondoka aliingia ghalani, akahesabu vyerehani vilivyokuwemo na kuandika namba ya kila kimoja. Kisha akafunga mlango, akapitisha waya kwenye kitasa na kuubana kwa kipande cha madini ya risasi chenye alama ya ofisi yake. Mume wangu alitia sahihi kwamba hatautoa ule muhuri, hataondoka mjini bila kuarifu, na atachunga makaratasi yote mpaka kazi iishe. Mkaguzi alichukua baadhi ya vifurushi, na mume wangu akakataa kuviachia mpaka apewe stakabadhi inayotaja kila karatasi iliyochukuliwa. Niliona aibu kwa ukali ule. Mkaguzi hakukasirika. Aliketi tena akaiandika.

Baada ya hapo tuliuza sindano na uzi tu. Mafundi walikuja, wakauona mlango wenye waya, wakarudi na maneno. Katika mji ule, wakati ule, haikuwa vizuri kwa Mkasai kuwa na mlango wa namna hiyo.

Mambo yaliharibika haraka. Watu wa Kasai walianza kuitwa maadui wa nchi. Jirani yetu, mwalimu, alichukuliwa na jandarme, askari wa serikali ya Katanga, akitoka shuleni, na mkewe hakuambiwa amepelekwa wapi. Nyumba mbili za nyuma zilichomwa mchana kweupe. Watu wakaanza kukimbilia kambini, pale askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, walipolinda uwanja mkubwa, na kila siku barabara ilijaa magodoro yanayotembea juu ya vichwa.

Mimi nilitaka twende siku ya kwanza. Mume wangu alikaa kitini.

"Nilitia sahihi," alisema.

"Ulitia sahihi kufa?"

"Nikikimbia, watasema nilikuwa na cha kukimbia. Watachukua ghala."

"Baba, kesho watachukua wewe."

Alinitazama kama mtu aliyefungiwa chumbani na anayesikia watu wanazungumza nje. Kisha akaandika barua kwa mkaguzi: kwamba anahamia kambini kwa sababu ya usalama, kwamba kambi iko mjini humo humo, na kwamba makaratasi anakwenda nayo. Barua hiyo nilimpa padri wa parokia yetu aipeleke. Padri alituandikia na sisi kikaratasi cha kuthibitisha kwamba ameipokea, kwa maana mume wangu hakukubali kuondoka bila hicho.

Lori lililotuchukua lilikuwa limejaa. Tulikuwa na kitanda kilichokunjwa, vyungu, nguo, na masanduku mawili ya chuma ya makaratasi. Mwenye lori alisema vyote haviingii.

"Mama, mu sanduku muko nini?"

"Makaratasi."

"Makaratasi inakuliwa?"

Watu waliokuwa juu ya lori walicheka. Mume wangu aliweka mkono juu ya sanduku. Nilikishusha chini kitanda. Hadi leo nakikumbuka kitanda kile kikibaki kando ya barabara, na mimi nimekaa juu ya ankara za vyerehani, nimempakata mtoto wa mwisho.

Kambini, nafasi yetu ilikuwa turubai moja na miti minne. Sitaeleza njaa wala ugonjwa, wengine wameeleza. Nitaeleza makaratasi. Mvua ilipoanza, turubai lilivuja, na mume wangu aliyasogeza masanduku mahali pakavu, sisi tukalala palipobaki. Jua lilipotoka alifungua vifuniko, akazitandaza karatasi zenye unyevu juu ya mkeka na kuziwekea mawe. Wanawake waliokuwa wakihangaika kuwasha moto kwa majani mabichi walikuja kusimama.

"Mama, utupatie moja tu," aliniambia mmoja wao. "Moja. Nipikie mutoto uji."

Nilimjibu kwamba si zangu, ni za duane. Alinitazama, akayatazama masanduku mawili, akasonya akaondoka. Nilimwelewa. Ningekuwa yeye ningesema mabaya zaidi.

Mume wangu alianza kupungua. Sio mwili tu, kila mtu alipungua mwili. Alikuwa mtu wa kwenda: benki, posta, stesheni ya treni kuulizia mizigo. Sasa nje ya lango jandarme walingoja wanaume wa Kasai, na ndani vijana waliojipa ulinzi wa kambi walitaka kujua kila mtu anazungumza na nani. Alikuwa na njia ya hatua chache kutoka turubai hadi bomba la maji, na aliitembea kila siku kwa shati lililofungwa vifungo vyote.

Katika siku hizo za kutandaza ndipo tulipoipata. Ilikuwa ndani ya bahasha ya risiti za kodi ya nyumba: barua ya muuzaji wa Ndola, na nyuma yake ankara ya shehena iliyorudi, yenye namba ya kila cherehani. Muuzaji aliandika kwamba lori limerudi kutoka Mokambo, kwamba amewauzia wengine vyerehani hivyo, na kwamba pesa yetu anaishikilia mpaka tutakapoagiza tena. Mume wangu aliisoma, akanipa niisome, akaichukua tena akaisoma.

Na baada ya siku si nyingi, padri akaja na barua ya duane. Waliitaka ile karatasi ya shehena ya pili, na karatasi za usafiri wa shehena zote zilizoingia. Zisipofika kwa siku waliyoitaja, ofisi itahukumu kwa kutumia kile ilichonacho. Walichonacho ni karatasi ya benki isiyolingana na tamko.

"Nitaenda," alisema mume wangu.

"Hutafika hata barabarani."

Alijua. Aliomba wino kwa padri, akaandika barua ya kunipa ruhusa kumwakilisha mbele ya duane, kujibu maswali na kutia sahihi kwa jina lake.

Jioni ile, tukipanga karatasi za usafiri, alibaki na moja mkononi. Ilikuwa risiti ya mwenye lori kwa shehena iliyofika mwisho. Shehena za kwanza muuzaji alileta mwenyewe hadi mpakani, na bei yake ilikuwa na usafiri ndani. Hii ya mwisho tulikodi lori wenyewe kutoka Ndola.

"Hii sikuiandika," alisema.

Duane ya kwetu ilipima thamani ya mali mpaka pale inapoingia nchini: bei ya kuinunua, pamoja na gharama ya kuileta hadi mpakani na bima yake. Yeye alitamka bei ya ankara tu. Hakukusudia, alikuwa amezoea ankara zenye usafiri ndani.

"Mwenye lori tulimlipa mkononi," nilisema. "Benki haijui. Nani atajua?"

"Ankara inasema bei ni ya kuchukulia Ndola. Mtu anayesoma atauliza: nani aliyeleta?"

"Labda hatasoma."

"Yule anasoma," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie pale nilimwona kama anataka kutabasamu. "Tukificha hii moja, hataamini ile nyingine."

Niliogopa. Nilimwambia kwamba anawapa kamba ya kumfungia. Alisema kamba wanayo tayari. Tuligombana kwa sauti ya chini, kama watu wanavyogombana mahali ambapo ukuta ni kitambaa. Mwishowe niliifunga risiti pamoja na nyingine, kwa utepe wake.

Nilitoka na masista waliokuwa wakiwapeleka wagonjwa hospitali. Karatasi nilizifunga mgongoni ndani ya kitenge, kama mtoto. Langoni kijana mmoja wa ulinzi wa kambi alinishika mkono.

"Unaenda kwa nani, mama? Banakuita huko juu ya nini?"

"Mutoto wangu iko mugonjwa," nilisema.

Aligusa kitenge, akasikia karatasi zinalia. Sista mzee alimwambia kwa ukali aniache, na gari likasonga. Lakini nilijua kwamba kurudi nitamkuta palepale.

Kizuizi cha jandarme kilikuwa kabla ya njia ya reli. Walitushusha. Mmoja wao alifungua kitenge changu, akaona hakuna mtoto, akakasirika kama vile nimemwibia. Alivuta utepe na karatasi zikamwagika barabarani. Upepo ulikuwapo. Nilipiga magoti na kuzikimbiza kwa mikono, nikazikalia, nikazishika kwa meno. Yeye aliokota moja, akaona muhuri.

"Hii ni ya serikali?"

"Ni ya duane, mukubwa. Benyewe beko banangojea. Jina la mukaguzi iko hapa."

Aliisoma polepole. Sijui kama alielewa. Aliona jina la mtu wa kwao na muhuri wa ofisi ya nchi yake mpya, akaniachia. Nilizihesabu karatasi nikiwa bado nimepiga magoti. Zote zilikuwapo, moja imekanyagwa na kiatu.

Ofisini nilikaa kwenye benchi refu kati ya watu waliokuwa wakisogea mbali nami. Mkaguzi alipotoka akaniona, alisimama ghafla. Nilikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Baba iko muzima?"

"Iko muzima. Hawezi kutoka. Nimekuya na barua yake."

Alinipeleka chumba cha ndani na kufunga mlango. Alisoma kwanza ile barua ya uwakilishi, neno kwa neno. Kisha nilimpa barua ya Ndola na ankara ya shehena iliyorudi. Alitoa kwenye faili ile orodha ya namba alizoandika ghalani siku ya waya, akaweka kando ya ankara, na kando yake daftari letu la ghala, lenye majina ya wanunuzi. Alipitisha kidole chini ya kila namba. Nilisikia saa ya ukutani. Alirudia tangu mwanzo, mara hii kutoka chini kwenda juu.

"Haimo hata moja," alisema. "Mashini ya ile ankara haiko mu ghala, haiko mu daftari ya kuuzisha. Na muuzaji anaandika aliziuza kwake."

Nilianza kulia. Aliinua mkono.

"Ngoja, Mama. Nionyeshe sasa ya usafiri."

Nilimpa risiti ya lori nikiwa nimeishika pembe, kama mtu anayetoa kitu cha moto. Aliisoma. Alichukua tamko la shehena ile, akaisoma ankara, akanitazama.

"Hii haikuhesabiwa."

"Hapana, Bwana. Baba anasema alikosa. Anasema nikuambie mbele ya wewe kuuliza."

Aliziweka karatasi mezani. Kisha akaniambia kitu ambacho sikutegemea kukisikia ndani ya jengo lile. Alisema kwamba mkubwa wake alitaka ripoti ya udanganyifu, ili vyerehani vichukuliwe, na kwamba kulikuwa na watu waliokwisha kugawana vyerehani vyetu kwa maneno. Alisema, "Mi niko mutu wa hapa, Mama. Banasema niko na huruma na Bakasai. Kama singekuwa na hizi karatasi, ningeandika nini? Ningeandika ile banataka. Haina ingine."

Aliandika mbele yangu. Ripoti ilisema tofauti ya benki imeelezwa na kuthibitishwa. Ilisema gharama ya usafiri wa shehena moja haikutamkwa, kwamba ni kosa na siyo hila, kwa kuwa mwagizaji mwenyewe ameleta risiti. Tulitakiwa kulipa ushuru uliopungua na faini ndogo. Alinisomea yote kwa Kiswahili, akaniuliza kama nina neno la kuongeza. Nilisema aandike kwamba mume wangu hakuja kwa sababu ya hatari, sio kwa sababu ya kukataa. Aliandika. Nikatia sahihi.

Mkubwa wake hakuipenda ripoti ile. Mkaguzi hakuniambia walichosemezana, lakini tulingoja muda mrefu kuliko inavyopaswa kungoja, na ndani ya muda huo yule kijana wa langoni alimpeleka mume wangu mbele ya wenzake, wakamuuliza mkewe anapeleka habari gani mjini. Mume wangu aliwasomea karatasi. Fikiria watu wenye marungu wamekaa chini, na mtu mwembamba mwenye shati lililofungwa vifungo vyote anawaeleza thamani ya mali mpakani. Nilikuwa nje ya duara, nimekatazwa kukaribia. Alisoma karatasi baada ya karatasi. Walichoka kabla yake. Mmoja alisema, "Mwacheni, huyu kichwa kimeharibika," na wakamwacha.

Ile pesa tuliilipa kwa kuuza cherehani changu mwenyewe cha nyumbani, nilichokuja nacho kambini chini ya nguo. Kisha nikaitwa kushuhudia ghala likifunguliwa.

Nilikwenda na padri. Mkaguzi alikuwa ametangulia. Waya ulikuwapo, risasi ilikuwapo, alama yake haijaguswa. Aliikata kwa koleo, akasukuma mlango, na mwanga ukatujia kutoka juu. Mabati ya upande wa nyuma yalikuwa yameng'olewa, matofali yamechimbuliwa kwa juu, na ndani ilibaki ile miguu ya chuma tu, mizito, isiyofaa bila vichwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita njiani alichungulia, akaendelea na safari yake.

Sikulia. Nilijihisi kama nimekaa muda mrefu nikisukuma mlango, na umefunguka kwenye ukuta. Mkaguzi alizunguka ghala lote. Aligusa matofali. Alirudi akavua kofia yake kama siku ile ya kwanza.

"Mali ilikuwa chini ya muhuri yetu," alisema polepole. "Nitaandika hivyo."

Aliandika karatasi juu ya goti lake, kwamba muhuri umekutwa mzima na mali haipo, akaorodhesha namba zote zilizokuwa zimo siku ya kwanza. Alitia sahihi, padri akatia, nami nikatia. Alinipa nakala.

"Muchunge na hii, Mama. Pamoja na zingine zote. Kufunga ripoti haikatishi miaka. Mwingine anaweza kuya kuuliza tena, wa serikali hii ao ya ingine."

Nilitaka kumtukana. Badala yake nilimuuliza kama yeye mwenyewe hatapata shida kwa ile karatasi. Alivaa kofia. Alisema anajua kufanya kazi moja tu.

Nilipomweleza mume wangu, alisikiliza hadi mwisho akiwa amekaa juu ya sanduku. Nilitegemea atavunjika. Alinyoosha mkono, akaiomba nakala, akaisoma, akatafuta kipande cha utepe. Hakikuwapo. Alikata ukingo wa shati lake kwa wembe, akafunga.

"Baba," nilisema, "tumeshinda nini?"

Alikaza fundo. "Hawawezi kusema mimi ni mwizi," alisema. Kisha akasema kwa Kiluba cha kwetu Kasai, lugha ambayo hakuwa akiitumia kwa mambo ya kazi, kwamba amechoka.

Treni za kuwarudisha watu Kasai zilipoanza, tulipewa nafasi. Kasai mimi sikuwa naijua, niliondoka nikiwa mdogo, na watoto hawakuijua kabisa, kwa hiyo neno "kurudi" lilitukaa vibaya mdomoni. Askari wa kofia za buluu walisema kila familia ichukue inachoweza kubeba. Mume wangu alibeba sanduku moja, mimi jingine, na watoto walibeba vyungu. Alikuwa ameandika tena barua kwa duane kuwaarifu tunakohamia, mji na parokia, ili wakimhitaji wampate. Aliipeleka mwenyewe hadi kwa padri aliyesimama kwenye jukwaa la stesheni, akangoja mpaka padri aisome anwani kwa sauti na kuitia mfukoni.

Hakuna aliyetuandikia, wala wa serikali ile wala wa iliyofuata. Mume wangu aliyaweka masanduku chini ya kitanda chetu kipya, akafungua duka la chumvi na sabuni, na kila kiangazi aliyatoa nje kuyaanika. Mimi nilikuwa nikigeuza karatasi upande wa pili ili jua lizifikie, na yeye akisoma namba za vyerehani kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza.